Kazi umeikubali, ofisi imenyamaza

Mtu wa Bungulu anapojibu barua ya ajira na kusema ndiyo, habari huenea mtaani kabla ya jioni. Shemeji anajua, jirani anajua, wenzake wa kwaya wanajua. Kisha ofisi iliyompa kazi inanyamaza. Wiki inapita, ya pili inaingia. Tarehe ya kuanza bado imeandikwa kwenye barua, lakini mkataba haujaja, simu haijapigwa, na hakuna aliyemwambia akaripoti wapi wala kwa nani. Anaogopa kuuliza asije akaonekana msumbufu, na anaogopa kunyamaza asije akapitwa. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi waache kazi waliyonayo kwa kutegemea barua ambayo bado haijawa mkataba.

Kuna njia ya kuuliza isiyomchosha mtu yeyote. Njia hiyo huanza kwenye kalenda, kabla ya kushika simu. Lakini kwanza tuelewe kimya chenyewe kinatoka wapi, maana hapa Beni mara nyingi hakina uhusiano wowote na mtu aliyekubaliwa.

Katika mashirika mengi yanayoajiri mjini kwetu, aliyekufanyia usaili siye anayetia saini mkataba wako. Usaili hufanyika Beni au Butembo, mapendekezo hupelekwa kwa idara ya wafanyakazi, RH kama tunavyozoea kuiita, na idara hiyo huenda iko Kinshasa. Huko wanaangalia kama fedha za nafasi hiyo zimo katika bajeti ya mradi, na bajeti inamtegemea mfadhili aliye mbali zaidi. Mkataba uliokwisha kuandikwa nao una safari yake: sheria inataka upelekwe kwa Ofisi ya Taifa ya Ajira, ONEM, ukatiwe viza. Karatasi inaweza kukwama popote katika safari hiyo, na aliyekuhoji akawa hajui lolote kwa sababu kwake yeye kazi ilikwisha siku alipotuma jina lako.

Mwaka 2025 safari hiyo ilikatika vibaya. Tarehe 24 Januari serikali ya Marekani iliagiza miradi inayofadhiliwa na fedha zake za misaada isimamishe kazi duniani kote. Siku tatu baadaye, tarehe 27, M23 wakatangaza kuwa wameitwaa Goma. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, benki za mji ule zikafunga milango, na uongozi wa jimbo la Kivu Kaskazini uliobaki chini ya Kinshasa ukahamia hapa Beni. Mtu aliyekuwa amekubali kazi mwanzoni mwa Januari, katika mradi wa fedha za Marekani unaosimamiwa kutoka Goma, alipata mapigo mawili katika wiki moja: mfadhili amesimamisha malipo, na ofisi iliyoshika faili lake imetawanyika. Hata aliyekuwa na nia njema ya kumjibu pengine hakuwa na la kumwambia.

Naeleza haya kwa sababu njia ya kuuliza inategemea mahali karatasi ilipokwama. Ikiwa imekwama kwa mtu aliyesahau, swali moja zuri linatosha kuisukuma. Ikiwa imekwama kwa mfadhili, hata ukiuliza mara ishirini hutaleta fedha. Lakini swali moja lenye tarehe litakuonyesha kwamba hakuna anayeweza kukuthibitishia, na hilo peke yake ni jibu la kukuzuia usiache kazi.

Tuchukue mfano na tuuhesabu mpaka mwisho. Tuseme kuna muuguzi wa Bungulu aliyefanya kazi miaka minne kamili katika zahanati ya binafsi, kwa mkataba usio na muda maalumu. Shirika moja linampa kazi Oicha, kilomita kama 30 kaskazini kwa Barabara ya Taifa namba 4. Barua inasema aanze Jumatatu tarehe 1 Septemba 2025. Anajibu kwa barua pepe Jumanne tarehe 22 Julai kwamba amekubali. Kuanzia hapo, kimya.

Swali lake la kwanza liwe hili: ni siku gani ya mwisho ninayoweza kumwarifu mwajiri wangu wa sasa kwamba naondoka? Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka notisi, au preavi kama wengi tunavyosema, ya siku za kazi zisizopungua 14 pale mwajiri anapovunja mkataba usio na muda maalumu, na inaongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Mfanyakazi anapoondoka mwenyewe, anadaiwa nusu ya muda huo. Kwa muuguzi wetu, miaka minne inaongeza siku 28 juu ya zile 14, jumla 42. Nusu yake ni siku 21 za kazi. Kama mkataba wake au makubaliano ya pamoja ya mahali pake yanataja muda mrefu zaidi, kama ilivyo kawaida kwa wenye vyeo, atahesabu kwa muda huo mrefu.

Siku ya kazi katika hesabu hii ni kila siku isipokuwa ile ya mapumziko ya juma na sikukuu za serikali, kwa hiyo Jumamosi imo. Tuhesabu kurudi nyuma kutoka Jumamosi tarehe 30 Agosti. Wiki tatu kamili, kuanzia Jumatatu tarehe 11, zina siku 18. Zinabaki tatu: Jumamosi tarehe 9, Ijumaa tarehe 8 na Alhamisi tarehe 7. Notisi huanza kuhesabiwa siku inayofuata ile uliyoitoa, kwa hiyo barua ya kuacha kazi lazima imfikie mkuu wa zahanati Jumatano tarehe 6 Agosti. Hiyo ndiyo siku ya kuandikwa kwa kalamu nyekundu. Wengi huikodolea macho tarehe ya kuanza kazi, kumbe inayowabana ni hii ya kuacha, na inakuja karibu wiki nne mapema.

Sasa muuguzi anajua ana wiki mbili na siku moja za kupata uthibitisho, na kuuliza kwake kunapata sababu ambayo mtu yeyote wa ofisini ataielewa. Haombi kubembelezwa. Ana wajibu kwa mwajiri wake wa sasa, na wajibu huo una tarehe.

Atulie siku tano za ofisi, kisha aandike mara ya kwanza Jumanne tarehe 29 Julai. Ajibu juu ya barua pepe ileile ya ajira, asifungue mpya, ili anayeisoma aone historia yote bila kutafuta. Amwandikie aliyemtumia barua ya ajira, na nakala iende kwa msimamizi aliyetajwa ndani yake. Watu wawili wanatosha. Ukiwaandikia watano, kila mmoja atadhani mwingine atajibu. Kwa kuwa ofisi zetu huandikiana kwa Kifaransa, ataiandika kwa lugha hiyo, lakini maneno yake yawe mafupi kama haya:

"Tarehe 22 Julai nilikubali kazi ya uuguzi mliyonipa Oicha, inayoanza Jumatatu tarehe 1 Septemba. Kwa mkataba wangu wa sasa napaswa kutoa notisi Jumatano tarehe 6 Agosti. Naomba mnithibitishie kabla ya siku hiyo kwamba tarehe ya kuanza haijabadilika, na mnitumie rasimu ya mkataba. Nimeambatisha cheti cha daktari na nakala za diploma."

Tazama barua hiyo inavyofanya kazi. Haina lawama, haina "nimesubiri sana", haina maelezo ya shida za nyumbani. Ina swali moja na siku moja. Kisha ina cheti cha daktari, kwa sababu aptitudi ya mfanyakazi inayothibitishwa na daktari ni miongoni mwa mambo yanayotakiwa kutajwa katika mkataba, na faili lisilo na cheti hicho linaweza kulala mezani bila mtu kukujulisha kwamba wewe ndiye unayesubiriwa. Mara nyingine kimya cha ofisi ni karatasi yako iliyopungua. Kabla ya kuandika, soma tena barua ya ajira mstari kwa mstari uone kama kuna kitu ulichoombwa ukasahau kukituma.

Kuomba rasimu ya mkataba si ujeuri. Kanuni ya Kazi inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nakala ya rasimu angalau siku mbili za kazi kabla ya kutia saini, ili aisome akiwa ametulia. Anayekuita uje utie saini asubuhi na upande gari la Oicha mchana anakunyima siku hizo mbili.

Jibu lisipokuja kufikia Alhamisi tarehe 31 Julai, apige simu. Ijumaa tarehe 1 Agosti asitegemee kumpata mtu, maana ni sikukuu ya wazazi na ofisi zimefungwa. Kama namba ni ya Kinshasa, akumbuke kwamba saa ya kule iko nyuma ya yetu kwa saa moja: saa mbili asubuhi hapa Beni, kule ni saa moja na mhusika yuko barabarani. Apige kati ya saa nne na saa sita za kwetu. Asipige akakata ili apigiwe. Na akishajibiwa, baada ya salamu aseme kwa utulivu, "Mama, mimi ni yule muuguzi wa Oicha niliyekubali kazi tarehe 22 Julai. Nimeandika Jumanne. Naomba kujua faili langu liko hatua gani." Faili liko hatua gani: swali hilo humpa mtu nafasi ya kusema kweli bila kujitetea. Atakwambia liko kwa mhasibu, au linasubiri saini ya mkurugenzi, au mfadhili hajajibu. Ukiuliza "kazi yangu ipo au haipo?", unamlazimisha akuahidi kitu ambacho pengine hana mamlaka nacho, naye kwa adabu atasema ipo.

Simu ikiisha, aandike ujumbe mfupi siku hiyohiyo: "Asante kwa maongezi yetu ya leo. Nimeelewa kwamba mkataba unasubiri saini ya mkurugenzi na nitaupata Jumatatu." Maneno ya mdomo yamepata maandishi. Kama alimwelewa vibaya, mwenzake atamsahihisha. Asiposahihishwa, ana kumbukumbu. Alama mbili za buluu kwenye WhatsApp zinaonyesha tu kwamba ujumbe umefunguliwa, na mtu asiache kazi kwa sababu ya alama za buluu.

Jumatatu tarehe 4 Agosti, ikiwa bado hakuna kitu, inabaki njia ya zamani ambayo hapa kwetu bado ina nguvu kuliko zote, nayo ni karatasi. Anakwenda kwa mmoja wa wale vijana wenye kompyuta na mashine ya fotokopi pembeni mwa barabara, anachapa ile barua, anatoa kopi mbili. Anakwenda nazo ofisini mwenyewe. Ya kwanza inabaki mapokezi. Juu ya ya pili mpokeaji anagonga muhuri, anaandika tarehe na kuweka saini ndogo. Hiyo ya pili ndiyo anayorudi nayo nyumbani. "Papa, naomba unigongee na kwenye kopi yangu," basi, hakuna zaidi. Barua pepe inaweza kupotea kati ya mamia, lakini karatasi iliyoingia katika daftari la mapokezi ina namba, na mtu mwenye namba hiyo mezani kwake ataulizwa siku moja ameifanyia nini. Zaidi ya hapo, kama ofisi imehama au imefungwa, atajua papo hapo.

Akiwa ofisini aangalie ubao wa matangazo, zile valvu za mlangoni, na jioni aangalie mediacongo.net, mahali ambapo nafasi nyingi za nchi hii hutangazwa. Akiona kazi ileile, kituo kilekile, yenye tarehe mpya ya mwisho ya kuomba, ana haki ya kuuliza waziwazi kama ni nafasi ya pili au ni yake iliyorudishwa sokoni. Dalili nyingine iko ndani ya barua ya ajira yenyewe: maneno kama "kwa kutegemea kupatikana kwa fedha" au "baada ya kuhakiki marejeo". Sharti la namna hiyo likiwemo, ndiyo yako haijakamilika mpaka sharti litimie, na ni halali kuuliza kama limetimia. Na kama kimya kinavunjwa na mtu anayedai dola 50 kupitia Airtel Money ili "kufungua faili", hapo acha kila kitu. Mwajiri wa kweli hamtozi mtu fedha ili ampe kazi.

Niguse na suala la ndugu aliye ndani. Karibu kila familia ya hapa ina binamu dereva au mlinzi katika shirika fulani, na shauri la kwanza la nyumbani huwa ni kumtuma yeye aulize. Mimi naona atumike kwa jambo moja tu: kukwambia kama mhusika yuko kazini au yuko likizo, na dawati lake kwa sasa limeshikwa na nani. Swali lenyewe ulibebe mwenyewe. Dereva akiuliza juu ya mkataba wako, ofisi itaanza kujiuliza kama ulipata nafasi kwa usaili au kwa mlango wa nyuma, na yeye atakuletea maneno ya korido uyachukue kama uamuzi.

Jumatano tarehe 6 Agosti imefika. Kama mkataba umekuja umetiwa saini na pande zote mbili, muuguzi anapeleka barua yake ya kuacha kazi, naye pia anaomba muhuri kwenye kopi. Kama umekuja ujumbe tu wa "usijali, kila kitu kiko sawa", asipeleke. Najua ushauri huu unauma, hasa kwa anayelipwa kwa kuchelewa katika zahanati yake na anayeona Oicha kama mlango wa kutokea. Lakini apime hasara zenyewe. Asipotoa notisi siku hiyo, hasara yake ni kuchelewa kuanza. Akiitoa na mkataba usije, atakuwa hana mshahara kuanzia Septemba, mwezi ambao shule hufunguliwa na kila mtoto anatakiwa daftari na viatu.

Anachofanya jioni ya tarehe 6 ni kuandika mara moja tena: "Kwa kuwa sijapokea mkataba, sijatoa notisi. Kazi bado naitaka. Nitaweza kuanza siku 21 za kazi baada ya mkataba kutiwa saini." Hapo hajakataa kazi wala hajavunja ahadi. Amesogeza tarehe kwa sababu inayoeleweka na ameiacha zamu kwa ofisi. Mwajiri wa kweli atakubali au ataharakisha saini. Na hapa kwetu, ambako mashambulizi ya ADF yamesimamisha safari za njia ya Oicha mara nyingi, tarehe ya kuanza inayosogea si jambo geni kwa shirika lolote.

Je, yule aliyekwisha kuacha kazi, kisha mwajiri mpya akapotea, hana la kufanya? Analo. Kanuni ya Kazi inamruhusu mfanyakazi kuthibitisha kuwepo kwa mkataba kwa njia zote za kisheria, hata pale ambapo maandishi yalitakiwa. Barua ya ajira inayotaja kazi, mshahara na tarehe, jibu lako la kukubali, ujumbe baada ya simu, kopi yenye muhuri: vyote vinaingia kwenye bahasha moja. Bahasha hiyo inapelekwa kwanza kwa Inspekta wa Kazi, maana Mahakama ya Kazi haipokei shauri la mtu mmoja dhidi ya mwajiri kabla halijapita kwake kwa upatanisho. Sisemi atashinda. Kama barua ilikuwa na sharti la fedha na fedha hazikuja, mwajiri ana hoja nzito. Lakini mwenye bahasha ana cha kuweka mezani, na asiye nayo atakuwa na maneno matupu.

Wa mwisho ninaotaka kuwaambia ni wakuu wa RH wa Beni, Butembo, Goma na Kinshasa. Wengi wenu mnanyamaza kwa sababu hamna habari nzuri, au kwa sababu hamna habari yoyote. Tunaelewa yaliyowapata mwaka 2025. Lakini upande wa pili wa kimya hicho kuna mtu aliyeshika barua ya kuacha kazi mkononi, na siku yake ya mwisho inakaribia. Mwandikieni mistari miwili: "Bado hatujapata saini. Usiache kazi yako mpaka tukwambie." Hamhitaji idhini ya mfadhili kuituma.